Jiwe la grainda limepasuka mkononi mwa kijana wangu, naomba tuelewane kosa lilikuwa wapi

FundiVizimba

Wakuu habari za jioni. Niko Igogo hapa Mwanza, nachomelea fremu za vizimba vya samaki, zile za bomba zinazoenda ziwani huko upande wa Kayenze na Luchelele. Juzi Jumanne mchana kijana ninayefanya naye kazi alikuwa anakata bomba la inchi mbili kwa grainda ndogo ile ya inchi nne na nusu, mimi nipo pembeni napima engo, nikasikia mlio kama bati limepigwa na nyundo, kugeuka nakuta kijana kakaa chini kashika mkono na grainda bado inazunguka kwenye mchanga. Jiwe limepasuka vipande vitatu. Kimoja kimemchana mkono juu ya kiwiko akashonwa nyuzi saba, kingine kimetoboa bati la ukuta na kutokea kwa jirani anapopika mama ntilie, Mungu saidia hapakuwa na mtu upande ule, cha tatu nilikiokota karibu na mlango.

Alikuwa kavaa miwani, ila ni ile ya jua ya kununua barabarani. Haikupasuka, ila hospitali wamemtoa chembe mbili za chuma jicho la kulia.

Swali langu, watu wote hapa mtaani wananiambia ni jiwe feki. Mimi sina uhakika. Jiwe tulilipata kwenye karakana nyingine wanayotumia grainda kubwa ya inchi tisa, wao likiisha kidogo haliwafai tena kwa sababu halizami, wanatupa au wanatuuzia bei ya soda, na sisi tumetumia hivyo karibu mwaka mzima bila shida. Sasa nataka kujua, ni jiwe au ni sisi? Kijana ana miaka 20, mama yake kanikabidhi mwenyewe, siwezi kumwambia ni bahati mbaya tu na kesho nimpe grainda tena.

---

NgoshaWaNyakato

Pole sana mkuu na mpe pole dogo. Hilo ni feki, kwa sasa mawe mengi ni feki. Mimi kabla sijafunga jiwe nalishika kidole kwenye tundu nalipiga na mpini wa mti wa bisibisi, likilia nginnn ni zima, likitoa sauti ya kufa kama ya ubao lina ufa, natupa. Njia hiyo alinifundisha mzee mmoja na haijawahi kuniangusha.

---

ChumaNaMoto

FundiVizimba pole, na mshukuru Mungu kwa lile bati. Kabla hatujasema feki naomba vitu vitatu. Okota kipande chenye ile ringi ya bati ya katikati usome kilichoandikwa pale. Soma kibati cha kwenye grainda yenyewe, utaona RPM. Halafu chukua futi, pima kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo wa nje wa kipande kilichobaki. Weka hapa. Na kava ilikuwepo au ilikuwa imetolewa?

Ngosha, ile ya kugonga ni kweli kabisa lakini ni ya yale mawe mazito ya grainda ya mezani, yaliyochomwa kama vyungu. Hayo yanalia kama kengele. Haya ya kukatia yameshikwa na gundi na ndani yana wavu wa nyuzi, hata likiwa jipya kabisa kutoka kwenye boksi halitalia, litatoa sauti ya kufa. Ukifuata hiyo utatupa mazima na unaweza kuacha bovu. Haya unayatazama kwa macho na kuyakunja kidogo sana kwa vidole, unatafuta pale nyuzi zinapoonekana, ukingo uliomeguka, au doa lililovimba.

---

MamaWawili_Kirumba

samahani naingilia, grainda ya mume wangu inatoa moshi na cheche nyingi kwa ndani pale nyuma kwenye matundu, nayo itapasuka? naogopa maana anafanyia kazi uani watoto wanacheza pale

---

ChumaNaMoto

Dada hiyo ni kitu kingine, hizo mara nyingi ni kaboni zimeisha, aende duka la spea na ile kaboni ya zamani mkononi wampe inayofanana. Ila hilo la watoto uani ndo la kushughulikia leo. Kipande cha jiwe kinavuka uwanja wote.

---

FundiVizimba

Nimerudi na vipimo. Jana sikulala vizuri kwa iyo saa kumi na moja asubuhi nilikuwa karakana natafuta vipande na tochi ya simu.

Ringi ya katikati na karatasi yake vinasomeka: 230 x 3 x 22.23, halafu RPM 6,650, halafu 80 m/s, na kuna mstari mwekundu. Kwenye ringi kuna V 07 na mwaka wa kesho kutwa huko, sijui maana yake.

Kibati cha grainda kinasema 115 mm, 11,000 kwa dakika, M14.

Futi: kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo ni milimita 80. Kwa iyo jiwe lilikuwa limebaki milimita 160 upana wote.

Kava mkuu siwezi kudanganya. Haikuwepo. Jiwe la 160 haliingii kwenye kava ya 115, tulishaitoa siku nyingi, hata sijui iliko.

---

ChumaNaMoto

Asante kwa kusema ukweli, watu wengi hapo wangesema ilikuwepo.

Jiwe lako sio feki, au tuseme sina sababu ya kusema ni feki. V 07 ni mwezi wa saba, ni tarehe ya kuisha muda, ile gundi inazeeka na unyevu unaila, mtengenezaji anaipa miaka mitatu. Lako lilikuwa bado. Mstari mwekundu ni alama ya 80 m/s, maana yake ukingo wa jiwe usikimbie zaidi ya mita 80 kwa sekunde.

Sasa tazama. Grainda kubwa inazunguka taratibu, kama 6,500 hivi, ndo maana jiwe lake limeandikwa 6,650. Ndogo inazunguka 11,000 na jiwe lake jipya la 115 utakuta limeandikwa 13,300. Ukichukua la kubwa ukaweka kwenye ndogo umeliendesha zaidi ya mara moja na nusu ya lilivyoandikiwa. Na mtego uko hapa: tundu ni lile lile. 22.23 ya jiwe la inchi tisa na 22.23 ya jiwe la inchi nne na nusu, shafti zote M14. Linaingia bila kulazimisha, mkono unakwambia ni sawa. Lingekuwa na tundu tofauti hizi ajali zingekuwa chache sana.

Tupige hesabu ya jiwe lako. Upana mita 0.16 mara 3.14 ni kama nusu mita, hiyo ndo njia ukingo unapita kila mzunguko mmoja. Mara 11,000 ni mita 5,500 na kidogo kwa dakika. Gawa kwa 60 unapata mita 92 kwa sekunde. Limeruhusiwa 80. Na nguvu inayovuta jiwe lipasuke haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mwendo mara mwendo, kwa iyo ile tofauti ya 80 na 92 inayoonekana ndogo imekuongezea nguvu theluthi nzima. Jiwe jipya la 115 kwenye grainda hiyo hiyo linakimbia 66 tu, yaani linapumua.

Mita 92 kwa sekunde ni zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Ndo kilichopita kwenye bati.

---

Hesabu_za_Buzuruga

Mkuu ChumaNaMoto nakuheshimu ila hapo umeegemea upande mmoja. Kwa hesabu yako mwenyewe, jiwe la inchi tisa likiisha mpaka likabaki 125, fanya 0.125 mara 3.14 mara 11,000 gawa kwa 60, unapata 72. Ni chini ya 80. Kwa iyo hiyo 6,650 iliyoandikwa ni ya jiwe likiwa zima, likishapungua namba hiyo haina maana tena. Mimi natumia ya 120 na 125 kila siku, mpaka kwenye kava yanaingia yale ya mia na kumi. Kosa la jamaa ni ukubwa tu, angesubiri liishe zaidi.

---

ChumaNaMoto

Hesabu yako ni sahihi, sikatai hata namba moja. Ninachokataa ni kulifanya hilo ndo ruhusa.

Hesabu inazungumzia jiwe lililo sawa. Jiwe lililotoka kwenye grainda ya inchi tisa limeshafanya kazi ya nguvu kubwa, mtu alikuwa anasimama juu ya mashine ya wati 2,000 na zaidi, limebanwa mara ngapi, limeegemezwa ubavu mara ngapi, limepashwa moto pale karibu na ringi mara ngapi, wewe hujui na huwezi kuona. Sehemu unayobaki nayo ndo ile ya katikati iliyokula mateso yote tangu mwanzo. Aliyelitengeneza alilijaribu likiwa 230 kwenye mwendo wake, hakuna aliyelijaribu likiwa 125 kwenye 11,000. Na kila jiwe kwenye mzunguko wake lina namba moja iliyoandikwa, sheria ya kazi zote nilizofanya ni kwamba RPM ya jiwe iwe sawa au kubwa kuliko ya mashine. Haisemi isipokuwa likiisha.

Nimekaa miaka 14 kwenye karakana za migodi huko Geita, ukikutwa na jiwe kubwa kwenye grainda ndogo unatoka getini siku hiyo hiyo. Walishaona.

---

Hesabu_za_Buzuruga

Nimekusikia ila bado sijashawishika kwenye la inchi tisa lililoisha mpaka 110 linaloingia kwenye kava. Nakubali kwamba historia ya jiwe siijui. Hapo umenipata kidogo.

---

ChumaNaMoto

FundiVizimba kuna kitu kingine kinanisumbua. Mwendo peke yake sidhani kama ndo umelipasua. Mawe haya huwa yanaachiwa akiba kubwa kiwandani juu ya namba iliyoandikwa, nyie mmetumia mwaka mzima. Mwendo umekula akiba, lakini kuna kitu kimelisukuma. Niambie bomba lilikuwa limelala vipi wakati anakata. Na angalia ile flenji ya ndani na nati, piga picha ya tundu la jiwe.

---

FundiVizimba

Bomba la mita sita, lilikuwa juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, anakata katikati akitokea juu.

Flenji ya ndani ile ya asili ilipotea tangu tulipobadilisha bearingi. Tuliweka washa nene, ya boliti ya kawaida. Nati ni yake ya asili ila sijui ilikuwa imegeuzwa vipi, kijana anasema alifunga upande ule bapa ndani na kukaza kwa kupiga spana na nyundo kidogo maana lilikuwa linateleza.

Na sasa naona kitu. Ile ringi ya bati kwa ndani upande mmoja ina mikwaruzo ya meno, mistari mistari kama ya nati. Upande wa pili ni laini kabisa.

---

ChumaNaMoto

Hapo. Hiyo mikwaruzo ndo jibu lako kuliko yote niliyoandika juu.

Shafti ya M14 ni milimita 14. Tundu ni 22. Kati yao kuna nafasi ya milimita nane. Flenji ya asili ina kitako kilichoinuka cha 22 kamili, jiwe linakaa juu ya kile kitako na ndo kinacholiweka katikati. Ukitoa flenji ukaweka washa bapa, jiwe halina kinacholishika katikati, linaning'inia kwenye meno ya shafti, limesogea milimita nne upande mmoja. Meno yameandika saini yao pale kwenye ringi. Jiwe likizunguka hivyo upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, mara 11,000 kwa dakika, na linapoingia kwenye chuma halikati kwa ulaini, linagonga, tu-tu-tu-tu, kwa sababu lile lilishaisha mviringo kufuata kitovu cha mashine nyingine.

Muulize kijana kama ilikuwa inatetemeka.

---

FundiVizimba

Nimempigia simu sasa hivi. Anasema ilikuwa inatetemeka tangu asubuhi mpaka vidole vinawasha, alidhani ni bearingi tena, hakuniambia kwa sababu kazi ilikuwa ya haraka na mteja alikuwa anapiga simu. Imeniuma sana. Mteja alikuwa ananipigia mimi na mimi nilikuwa nampigia kelele yeye.

---

ChumaNaMoto

Usijichape sana, sasa unajua, wengi hawajui.

Halafu la bomba. Bomba likilala juu ya tofali mbili na ukakata katikati kutoka juu, unapokaribia kumaliza linapinda kwenda chini kwa uzito wake, na mdomo wa mkato unafunga. Unalikamata jiwe kama koleo. Jiwe lililo sawa linakwama au mashine inaruka kukurudia, jiwe lililokuwa hivyo linavunjika. Kwa iyo weka tofali zote mbili upande wa kipande kirefu, ule upande unaokatwa uwe hewani, ukiisha udondoke wenyewe na mkato unafunguka badala ya kufunga. Vipande virefu pande zote weka tofali nne, mbili mbili kila upande wa mkato.

Kwa ufungaji, nitaandika ninavyofanya mimi. Kwanza natoa plagi ukutani, sio swichi tu, maana swichi za haya magrainda zikiingia vumbi zinaganda kwenye kuwaka. Napangusa flenji, hakuna chembe ya chuma wala gundi ya karatasi. Kitako juu, jiwe linakaa lenyewe bila kusukuma, nalizungusha kwa kidole naona kama linacheza. Nati ina pande mbili, mmoja una kidomo na mmoja bapa. Jiwe nene la kusugua la milimita sita kidomo kinaingia kwenye tundu, jiwe jembamba la kukatia bapa ndo linalotazama jiwe, kwa sababu ukigeuza kidomo kwenye jiwe jembamba kinagusa flenji kabla hakijabana jiwe, na utakaza mpaka kesho linateleza. Nakaza kwa spana yake na mkono, basi. Mashine yenyewe inajikaza inapofanya kazi. Jiwe linaloteleza baada ya kukazwa kwa mkono linakwambia kuna kitu hakijakaa, sio uongeze nyundo.

Halafu nawasha nikiwa nimeielekeza pembeni ukutani, nje ya mstari wa jiwe, dakika nzima bila kugusa chuma. Likitetemeka nazima, na silifungi tena mpaka nijue kwa nini.

---

DukaLaSpea_Mabatini

Mimi nauza hizi vitu. Nataka kusema ukweli wateja kumi wakija, tisa wanauliza bei, labda mmoja ndo anageuza jiwe kusoma namba. Na kuna kitu mafundi wanafanya nawaomba waache, mvua ikinyesha mawe yanaachwa chini kwenye sakafu ya udongo. Hapa ziwani unyevu upo hata kiangazi. Mimi nayalaza bapa kwenye rafu juu, yale membamba ukiyasimamisha yanapinda. Flenji ya asili ninazo, haigharimu hata nusu ya jiwe la inchi tisa jipya, mkuu wa Igogo njoo na mashine yako tuijaribu hapa hapa.

Swali langu kwa mtaalamu, miwani ipi niwe naleta? Naleta ile ya kuvaa kama ya kusomea, wanaikataa, wanasema bora ya jua ina mtindo.

---

MuuguziMacho

Naomba nijibu hili kwa upande wangu maana mafundi wanatufikia kila wiki.

Miwani ya jua kijana aliyovaa ilizuia yaliyotoka mbele, lakini hizo chembe mbili nadhani ziliingia kwa juu au kwa ubavu, cheche zinagonga shavu au paji la uso zinarudi ndani. Miwani yoyote iliyo wazi ubavuni haitoshi kwa grainda. Na akivaa ngao ya uso peke yake nao wanatufikia, cheche zinapita chini ya kidevu. Avae miwani ya kufunika, halafu ngao juu yake.

La pili, kaka zangu, chembe ikiingia msitoe kwa njiti ya kiberiti wala ncha ya khanga wala ulimi. Chembe ya grainda inaingia ikiwa ya moto, inajichomeka kwenye kioo cha jicho, na ndani ya muda mfupi inaacha pete ya kutu ambayo sisi inabidi tuisafishe kwa kifaa. Ukiikwangua na njiti unaongeza kidonda na uchafu. Osha kwa maji safi mengi, ikibaki njoo. Na kama umehisi kitu kimekupiga kwa nguvu, halafu hakiumi sana lakini unaona ukungu, au mboni imekaa vibaya, usioshe, usibonyeze, usisugue, funika na kikombe cha karatasi kisichogusa jicho uende hospitali kubwa hapo hapo, Bugando au Sekou Toure, usisubiri asubuhi. Ile ambayo haiumi ndo inanitisha zaidi.

---

ChumaNaMoto

Asante dada. Mwenye duka, angalia kwenye fremu na kwenye kioo cha miwani, zilizopimwa zina alama EN 166 na herufi. F imepimwa kwa kagololi kadogo ka chuma kanakokwenda mita 45 kwa sekunde. B ni mita 120, hiyo utaikuta kwenye zile za kufunika zenye mpira na kwenye ngao. Leta B kwa watu wa grainda.

Ila nisieleweke vibaya. Gololi ile haifiki hata gramu moja. Kipande cha jiwe cha FundiVizimba ni kama robo ya sahani. Hakuna miwani ya kusimamisha kitu hicho, miwani ni ya cheche na chembe. Kilichotengenezwa kusimamisha kipande ni kava. Kwa hiyo siku ile kava haikuwepo, hapakuwa na kitu kati ya dogo na jiwe.

---

NgoshaWaNyakato

Kava nayo inasumbua mkuu, unataka kukata kona inagusa chuma, unashindwa kuona mstari. Ndo maana wote tunatoa.

---

ChumaNaMoto

Ngosha kava haikai mahali pamoja, inazunguka. Legeza kile kishikio au skrubu ya kola, izungushe mpaka upande uliozibwa utazame mwili wako na mikono yako, na upande wazi utazame kule cheche zinakoenda, kisha kaza. Ukibadilisha unavyoshika unazungusha tena. Jaribio langu ni hili, ukiwa umeshika mashine tayari kukata, tazama chini: ukiuona ukingo wa jiwe unakutazama wewe, kava imekaa vibaya. Na kwa kukatia kuna kava inayofunika pande zote mbili za jiwe, ile ya kusugulia inafunika upande wa juu tu.

Na simama kando. Jiwe linachora mstari, usiweke uso wala shingo kwenye ule mstari.

---

MamaWawili_Kirumba

nimemuonesha mume wangu huu uzi wote. kava alikuwa nayo kwenye boksi, kairudisha leo. kaboni kanunua. lakini miwani ya kufunika anasema inajaa jasho na ukungu baada ya dakika tano, haoni kitu

---

DukaLaSpea_Mabatini

Dada ni kweli, na joto letu hili wote wanalalamika hilo. Zipo zenye matundu ya hewa ya kona, zinasaidia kiasi, sio kabisa.

---

MuuguziMacho

Afute na sabuni ya maji kidogo aache ikauke, inapunguza. Na apumzike, atoke nje avue apoe, kisha arudi. Najua sio jibu zuri, mwenzangu mmoja ndugu yake alivua kwa sababu hiyo hiyo na tukampokea jioni yake.

---

FundiVizimba

Wakuu na dada zangu asanteni sana. Mrejesho. Mawe yote ya inchi tisa yalikuwa kumi na moja, nimeyavunja kwa nyundo mwenyewe yasije yakaokotwa na mtu. Flenji nimepata Mabatini, imeingia kwenye shafti na jiwe jipya la 115 limekaa juu ya kitako halichezi, 13,300 limeandikwa. Nimewasha dakika moja nikielekeza ukutani, mkono hautetemeki kabisa, sikukumbuka kwamba hii mashine inaweza kuwa laini hivyo.

Nilienda nyumbani kwa kijana nikamwambia mbele ya mama yake kwamba kosa halikuwa lake, lilikuwa la washa na la mimi kutouliza kwa nini inatetemeka. Jicho linaendelea vizuri.

Kimebaki kimoja. Kava nimeipata Mlango Mmoja, imetoka kwenye grainda nyingine iliyokufa ya 115 pia, lakini kola yake ni pana kidogo kwenye shingo ya mashine yangu, nikikaza mpaka mwisho bado naweza kuizungusha kwa mkono. Nikazie na kipande cha bati katikati?

---

Hesabu_za_Buzuruga

Mimi nimeweka bati la milimita moja kwenye yangu miaka miwili haijatoka.

---

ChumaNaMoto

Mimi nisingefunga hiyo. Kava inayozunguka kwa mkono, ikipigwa na kipande itazunguka na kukiacha kipite, au itasogea kwenye jiwe na kulivunja yenyewe. Bati lako Buzuruga labda limeshika, sijaliona, ila halijawahi kupigwa. Rudi nayo Mlango Mmoja ukiwa umebeba mashine, jaribu kola moja moja mpaka upate inayogoma kuzunguka. Mpaka hapo kata kwa msumeno wa mkono.

---

FundiVizimba

Sawa mkuu. Kesho asubuhi naenda na mashine. Mteja nimeshamwambia vizimba vitachelewa siku nne.